Silabi Moja Ikipotea: Kwa Nini Manukuu ya Video Nayapakia kwa Faili Langu

Manukuu ya otomatiki yameanza kuwa hatari pale yalipoanza kuonekana mazuri. Mashine ilipokuwa bado changa, ukiyawasha kwenye video ya Kiswahili ulipata maneno yasiyo na kichwa wala miguu, na mtazamaji alijua papo hapo kwamba hapa hakuna cha kusoma. Sasa hivi sentensi nyingi zinatoka zimenyooka, maneno ni ya Kiswahili, sarufi inakubalika, na mtu anayesoma hana sababu ya kutilia shaka. Ndani ya sentensi hizo safi ndimo makosa mabaya yanamojificha, kwa sababu Kiswahili hubeba maana nzito kwenye silabi fupi ambazo upepo wa shambani au kikohozi cha mtu wa pembeni kinatosha kuzifuta.

Nichukue video moja niliyoifanyia kazi. Bwana shamba amesimama katikati ya nyanya, Arumeru, akiwafundisha wakulima namna ya kupambana na kantangaze, yule mdudu anayechimba majani na kutoboa matunda, ambaye wataalamu humwita Tuta absoluta. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na hapa Tanzania aligundulika mwaka 2014. Jina la kantangaze amepewa na wakulima wenyewe, na ndilo wanalolitumia wakipigiana simu na wakiingia dukani kutafuta dawa. Video ni ya dakika kumi na kitu. Bwana shamba anaongea haraka, kofia yake inapigwa na upepo, na mara mbili tatu pikipiki inapita barabarani.

Rasimu ya mashine niliyopewa kwa kipande kimoja ilikuwa hivi:

```
41
00:04:12,480 --> 00:04:15,120
kwa hiyo dawa upulize saa 4:00 asubuhi nyuki

42
00:04:14,300 --> 00:04:18,600
wako shambani puliza saa 11:00 jioni
```

Soma mara moja tu, kama mtu aliyezima sauti. Unaelewa kwamba dawa inapulizwa mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa kumi na moja jioni, na kwamba kuna jambo fulani kuhusu nyuki wako. Hakuna neno lililoandikwa vibaya. Programu ya kukagua tahajia haitapiga mstari mwekundu popote. Lakini bwana shamba alisema: "Kwa hiyo dawa usipulize saa nne asubuhi, nyuki wako shambani. Puliza saa kumi na moja jioni." Silabi ya "si" imemezwa na upepo, na agizo limegeuka kinyume chake. Mkulima aliyesoma bila kusikia atapuliza dawa saa ileile ambayo nyuki wanahangaika kwenye maua.

Hii "si" ndiyo ninayoiogopa kuliko kitu kingine chochote. Usivune na uvune, usichanganye na uchanganye, asipopona na akipona: kwa sikio la mashine umbali kati yao ni mdogo sana, na kwa aliyeko shambani ni mbali mno. Ikiongezwa na wasemaji wengi ambao hawaitamki "h" vizuri, "hawezi kufa" inakuwa "awezi kufa", na mashine ikijaribu kurekebisha inaweza kuandika "aweza kufa". Wa pili kwa ubaya ni namba. "Tatu" na "tano" zinafanana, "thelathini" na "themanini" zinafanana zaidi. Katika video hiyohiyo bwana shamba alisema mitego ikaguliwe kila baada ya siku tatu, na rasimu ikaandika siku tano. Hakuna namna ya kugundua kosa hilo kwa kusoma. Siku tano ni jibu la kawaida kabisa, na lazima usikilize.

Alama za uandishi nazo si pambo. "Nyuki wako shambani" bila nukta wala mkato inaweza kusomeka kama nyuki wa kwako. Ukiweka nukta mbili mbele yake, msomaji anajua kwamba nyuki wapo shambani muda huo, na kwamba hiyo ndiyo sababu ya katazo lililotangulia.

Kuna watu wataniambia kwamba mtazamaji atasikia sauti na kujirekebishia mwenyewe. Wanaosikia, ndiyo. Mtu mwenye masikio mazima akiona "upulize" huku anasikia "usipulize" hata hatambui kwamba kuna tofauti, akili yake inafuata sauti. Kiziwi hana hiyo njia ya pili. Kilichoandikwa ndicho kilichosemwa, basi. Tena viziwi wengi hapa kwetu lugha yao ya kwanza ni lugha ya alama, na Kiswahili cha maandishi wamekipata shuleni kama lugha ya pili, isiyo na sauti ya kukisia. Anayesikia akikutana na "kani tangaze" hulitamka kimoyomoyo, na sikio linamwambia ni kantangaze. Ambaye hajawahi kulisikia jina hilo likitamkwa hawezi kulirudisha pamoja. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema manukuu yake yako sahihi kwa asilimia tisini na kitu, swali langu ni moja: hizo chache zilizobaki zimeangukia wapi? Zikiangukia kwenye "yaani" na "sasa basi", hakuna aliyeumia. Zikiangukia kwenye "si", kwenye namba na kwenye jina la mdudu, video imepotosha.

Miongozo ya kimataifa ya ufikivu inasema jambo hilohilo. WCAG, kipengele 1.2.2, inataka video iliyorekodiwa na yenye sauti iwe na manukuu, na imeliweka sharti hilo katika daraja A, lile la chini kabisa ambalo halina udhuru. Shirika la W3C linaloitunza miongozo hiyo linaeleza wazi kwamba manukuu ya otomatiki hayatoshelezi sharti mpaka yathibitishwe kuwa sahihi kikamilifu.

Hata waliotuletea manukuu ya otomatiki hawakudai kwamba yanajitosheleza. YouTube ilipoyatangaza Novemba 2009, aliyeandika tangazo alikuwa Ken Harrenstien, mhandisi wa Google ambaye mwenyewe ni kiziwi, na alikiri palepale kwamba hayatakuwa kamili kila mara. Siku hiyohiyo walitoa huduma ya pili ambayo haikupigiwa kelele sana: unapakia maandishi uliyoyaandika mwenyewe, na mashine inayapangia muda. Tangu mwanzo, basi, njia ya binadamu kuweka maandishi yake ilikuwepo sambamba. Kwa miaka kadhaa hata watazamaji waliweza kuchangia manukuu kwenye chaneli za watu wengine, lakini mlango huo ulifungwa tarehe 28 Septemba 2020. Tangu hapo mzigo umebaki kwa mwenye chaneli, au kwa mtu aliyempa ruhusa. Kwenye mipangilio ya ruhusa kuna nafasi inayoitwa "Subtitle editor", ambayo inamruhusu msaidizi wako kushughulikia manukuu bila kugusa kitu kingine. Kama una kijana mwenye sikio zuri na subira, mpe hiyo.

Sasa kazi yenyewe. Chaneli nyingi ninazozifahamu ziko YouTube, kwa hiyo nitafuata vitufe vyake, ingawa faili ni lilelile popote utakapolipeleka.

Jambo la kwanza hufanywa kabla ya manukuu, nalo ni kutaja lugha ya video. Kwenye ukurasa wa maelezo ya video, chini ya "Show more", kuna sehemu ya "Video language". Ikiwa imeachwa kwenye Kiingereza na wewe unaongea Kiswahili, mashine itasikiliza Kiswahili kwa sikio la Kiingereza na utapata maneno ya ajabu ambayo hayafai hata kuwa rasimu. Ukikuta rasimu ya namna hiyo usipoteze muda kuisahihisha. Futa, taja lugha, uanze upya.

Rasimu ikiwa inafaa, ipakue. Ndani ya YouTube Studio ingia "Subtitles", chagua video, na kwenye vidoti vitatu vya mstari wenye alama ya "Automatic" utaona "Download". Chagua .srt. Hili ni faili la maandishi matupu, unaweza kulifungua hata kwa Notepad. Kila kipande kina namba yake, mstari wa muda wa kuanza na wa kuisha, maandishi, halafu mstari mtupu. Ukitazama tena rasimu niliyoiweka juu utaona kipande cha 42 kinaanza kabla cha 41 hakijaisha. Rasimu za mashine zina tabia hiyo kwa sababu zimetengenezwa zipande taratibu kwenye skrini, mstari mmoja ukisukuma mwingine. Ukiziacha hivyo ndani ya faili lako, baadhi ya vichezeshi vitaonyesha vipande viwili kwa pamoja, kimoja juu ya kingine.

Mimi hutumia Subtitle Edit, programu ya bure ya Windows, kwa sababu inanionyesha mawimbi ya sauti chini na maandishi juu, na inaniwekea rangi pale maandishi yanapokwenda kasi kuliko jicho. Nafanya mizunguko miwili, na sichanganyi. Mzunguko wa kwanza ni wa maneno tu. Navaa vipokea sauti, nasikiliza kipande, nasimamisha, nasahihisha. Vitenzi vyote vya amri na masharti navisikiliza mara mbili, hata vile vinavyoonekana sahihi, nikiitafuta "si". Namba zote nazisikiliza vivyo hivyo. Penye upepo mkali, ambapo hata mimi sina uhakika, nampigia simu aliyezungumza. Bwana shamba alinijibu kwa sekunde chache kwamba ni siku tatu, akanieleza na sababu, ambayo niliiweka kwenye maelezo ya video.

Hapa kuna swali la kiasi gani unasafisha. Msimamo wangu ni kuandika alichosema mtu, kwa maneno yake. Nikikuta "yaani yaani" au "nani hii" ya kutafuta neno, naondoa, kwa kuwa inakula nafasi bila kumpa msomaji kitu. Lakini akisema "kupiga dawa" sibadilishi kuwa "kunyunyizia viuatilifu" eti ndiyo lugha ya kitabuni. Akisema kantangaze, ni kantangaze. Jina la kisayansi nitaliandika kwenye maelezo ya video, siyo mdomoni mwake. Kiziwi ana haki ya kujua mtu anaongeaje, na mkulima atatafuta kwa maneno anayoyatumia yeye.

Sauti zisizo maneno nazo huandikwa pale zinapobeba maana. Kwenye video hii mkulima mmoja anauliza kutoka nyuma ya kamera, na bwana shamba anageuka kumjibu. Bila kuandika [Mkulima:] mbele ya swali, anayesoma atadhani bwana shamba anajiuliza mwenyewe. Pikipiki zilizopita sikuziandika, isipokuwa ile moja iliyomfanya anyamaze katikati ya sentensi, kwa sababu pale mtazamaji anaona mdomo umesimama na anataka kujua kulikoni.

Mzunguko wa pili ni wa mgawanyo na muda. Miongozo mingi ya manukuu inahesabu kasi kwa maneno kwa dakika, na hiyo haitufai sana, maana neno letu moja kama "hawatatusumbua" lina kazi ya sentensi nzima. Nahesabu herufi. Kipimo ninachofuata ni mistari isiyozidi miwili, kila mmoja usizidi herufi 42, na kasi isizidi herufi 17 kwa sekunde. Maana yake mistari miwili iliyojaa inahitaji takriban sekunde tano. Kipande cha nyuki baada ya kusahihishwa kilikuwa hivi:

```
57
00:04:12,480 --> 00:04:16,080
Kwa hiyo dawa usipulize
saa nne asubuhi: nyuki wako shambani.

58
00:04:16,180 --> 00:04:18,600
Puliza saa kumi na moja jioni.
```

Kipande cha 57 kina herufi 60, ukihesabu nafasi na alama, ndani ya sekunde 3.6, yaani chini kidogo ya 17 kwa sekunde. Kingebaki na ule muda wa rasimu, sekunde 2.64, kingekimbia karibu herufi 23 kwa sekunde, na msomaji wa kawaida angekatishwa njiani. Katazo na ruhusa nimezitenganisha vipande viwili makusudi, ili jicho lisiziunganishe kuwa agizo moja. Namba za vipande zimebadilika kwa sababu vipande virefu vya rasimu vimegawanywa. Na pale pa kukata mstari, nakata panapopumua sentensi: kabla ya "ili", "lakini", "kwa sababu". Sikati kati ya "mtego" na "wa feromoni", kwa kuwa "wa" ikibaki peke yake mwishoni mwa mstari inamlazimisha msomaji arudi nyuma.

Saa nimeziandika kwa maneno, na hili linahitaji maelezo. Mswahili akiona "saa 4:00 asubuhi" anaelewa vizuri, magazeti yetu huandika hivyo kila siku. Taabu inakuja kwa anayetumia tafsiri ya otomatiki, ambayo hujengwa juu ya manukuu yaliyopo. Mtu wa Lubumbashi aliyezoea kusoma kwa Kifaransa akichagua "Auto-translate", hiyo 4:00 asubuhi inaweza kumfikia kama saa kumi alfajiri, na 11:00 jioni kama saa tano usiku. Kuandika "saa nne" hakuondoi hatari yote, ila hakumpi mfasiri wa mashine umbo la saa lililo tayari kunakiliwa. Pale ambapo saa ni jambo la kufa na kupona, kama ratiba ya dawa za binadamu, nashauri uandike manukuu ya lugha ya pili kwa mkono kabisa.

Kabla ya kupakia, hifadhi faili kwa usimbaji wa herufi wa UTF-8. Watu hudhani Kiswahili hakina herufi za kusumbua, wakasahau kibainishi cha ng'. Ukiandika kwenye Word, kibainishi hugeuka kuwa kile kilichopinda, na faili likisomwa kwa usimbaji mwingine unapata "ngâ€™ombe" kwenye skrini. Ukiona vitu vya aina hiyo usianze kufuta kimoja kimoja. Fungua faili upya, chagua UTF-8, uhifadhi. Mimi hubadilisha vibainishi vyote viwe vilivyonyooka, na sababu yake kubwa nitaieleza kwenye utafutaji.

Kupakia ni kwenye "Subtitles", kisha Kiswahili, kisha "Add", "Upload file", "With timing". Ile ya "Without timing" ni kwa wenye maandishi matupu wanaotaka mashine iyapangie muda. Inafanya kazi vizuri kwenye video isiyozidi saa moja, yenye sauti safi, kwa lugha ambayo mashine inaijua. Kwenye shamba lenye upepo siitegemei. Faili likikataliwa, mara nyingi ni mojawapo ya mambo mawili. Ama mstari mtupu kati ya vipande umefutika, ama kwenye muda kumewekwa nukta badala ya mkato. SRT hutumia mkato kabla ya milisekunde, 00:04:12,480. WebVTT, ambayo ndiyo inayotakiwa ukiweka video kwenye tovuti yako mwenyewe, hutumia nukta na huanza na neno WEBVTT juu kabisa. Subtitle Edit inabadilisha moja kuwa nyingine kwa "Save as".

Baada ya kuchapisha, fungua video kama mtazamaji, bonyeza gia, uangalie orodha ya manukuu. Unatakiwa kuona Kiswahili peke yake. Yakionekana mawili, moja likiwa na "(auto-generated)" pembeni, rudi Studio uyaondoe yale ya mashine ili mtu asiyachague kwa bahati mbaya. Halafu zima sauti na utazame video yote tangu mwanzo. Kama manukuu yote yanachelewa kwa kiasi kilekile, video ilikatwa mwanzoni baada ya manukuu kutengenezwa, na Subtitle Edit ina amri ya kusogeza vyote kwa pamoja. Kama yanaanza sawa kisha yanazidi kuachana kadiri dakika zinavyokwenda, tatizo ni kasi ya fremu, faili limetengenezwa kwa hesabu ya fremu 25 na video ni ya 23.976 au kinyume chake. Kusogeza hakutasaidia hapo, itabidi ubadilishe kasi yenyewe.

Dakika kumi za video hula karibu saa nzima ya kazi kwa mtu aliyezoea, zaidi kama sauti ni mbaya. Nataja hivyo ili usidanganyike kwamba ni jambo la kufanya wakati chai inachemka. Lakini saa hiyo inazaa kitu cha pili ambacho mimi nakithamini sawasawa na cha kwanza: maandishi yanayotafutika.

Video haina maneno mpaka mtu ayaandike. Mkulima anayetaka kujua mitego ikaguliwe lini hawezi kupekua dakika kumi na kitu za picha. Akiwa na manukuu sahihi anafungua "Show transcript" chini ya video, anatafuta "mitego", anabonyeza mstari na video inaruka hadi pale. Kwa rasimu ya mashine, ambayo kantangaze imeandikwa "kani tangaze" hapa, "kan tangazi" pale, na "kanitangaze" kule, utafutaji wa neno kuu la video nzima haurudishi kitu. Hili linauma kwa sababu maneno ambayo mashine huyakosea ni yaleyale ambayo watu huyatafuta: majina ya wadudu, ya mbegu, ya vijiji, ya magonjwa. "Kwa hiyo" na "sasa" itaziandika vizuri kila mara, na hakuna anayetafuta "kwa hiyo".

Mafaili yangu yote ya SRT nayaweka kwenye folda moja, kila moja likiwa na jina la video na alama ya lugha, kama kantangaze.sw.srt. Mtu akiniuliza ni wapi tulizungumzia upulizaji, naandika kwenye terminal yenye programu ya grep:

```
grep -n -i -B 2 "puliz" *.srt
```

Inanipa jina la faili, mstari wenyewe, na mistari miwili iliyotangulia ambamo muda umo. Angalia kwamba nimetafuta "puliz", siyo "kupuliza". Vitenzi vyetu hubadilika mbele na nyuma, kwa hiyo ukitafuta neno kamili utakosa usipulize, tunapulizia, ikipulizwa. Tafuta shina. Kwa majina tafuta sehemu isiyoguswa na wingi: "tego" itakupa mtego na mitego kwa pamoja, pamoja na kategoria na takataka nyingine chache unazoweza kuzivumilia. Na hapa ndipo kibainishi kinaporudi. Kwa kompyuta, ng'ombe yenye kibainishi kilichonyooka na ng’ombe yenye kilichopinda ni maneno mawili tofauti. Faili moja likitumia hiki na jingine kile, utafutaji wako utaruka nusu ya ng'ombe wote bila kukuambia.

Maandishi hayohayo nayatoa bila muda, kwa "Export" kisha "Plain text", nayagawa aya, naweka kichwa kidogo kila mada inapobadilika, na kuyabandika chini ya video kwenye ukurasa wa tovuti. Injini za utafutaji zinasoma ukurasa huo kama zinavyosoma makala yoyote, na mtu mwenye bando dogo anaweza kusoma somo zima bila kucheza video. Kiziwi anayependa kusoma kwa mwendo wake, bila kufukuzana na vipande vya sekunde tatu, naye anapita hapohapo. Kuna wasioona wanaotumia kisoma skrini pia, na kwao ukurasa wa maandishi unasomeka bila taabu.

Mahali njia hii inapogota ni WhatsApp. Video yetu ikishapakuliwa na kutumwa kwenye kikundi cha wakulima, faili la manukuu linabaki nyuma. Picha na sauti zinasafiri, maandishi hapana. Na video nyingi za kilimo zinaishi huko kuliko zilikozaliwa. Kwa ajili hiyo natengeneza nakala ya pili ambayo maandishi yamechomwa ndani ya picha yenyewe, kwa programu ya ffmpeg:

```
ffmpeg -i kantangaze.mp4 -vf subtitles=kantangaze.sw.srt kantangaze-kikundi.mp4
```

Maandishi yaliyochomwa hayazimiki, hayakuzwi kwa mwenye macho dhaifu, hayatafutiki, na ukikuta kosa baadaye huwezi kulirekebisha kwenye simu za watu. Kwa hiyo nakala ya kikundi naitengeneza mwisho kabisa, baada ya kiziwi mmoja anayefahamu kilimo kuitazama ile ya kwanza na kuniambia wapi alibabaika. Kwenye video ya kantangaze alibabaika pale ambapo bwana shamba anaonyesha jani kwa kidole na kusema "kama hivi", huku manukuu yakifunika jani lenyewe. Kipande hicho nilikipandisha juu ya skrini, nikaongeza sekunde moja, ndipo nikachoma.